Jinsi ya Kuomba Barua ya Kufunga Kontrole ya Kodi Iliyomalizika Bila Nyongeza: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Lubumbashi

Wakaguzi wa kodi wanapoondoka dukani na miezi ikapita bila neno, wafanyabiashara wengi huhesabu kwamba mambo yamekwisha. Ukweli ni kwamba kunyamaza kwa ofisi ya kodi si jibu. Faili inaweza kuwa imefungwa, lakini inaweza pia kuwa bado iko mezani kwa mkaguzi aliyehamishwa, au taarifa ya kudai kodi zaidi imekwisha kuandikwa na kupelekwa kwenye anwani ambayo uliihama miaka mitatu iliyopita. Hali hizo tatu, ukizitazama kutoka nje, zinafanana kabisa. Kinachozitenganisha ni karatasi moja tu, nayo ni barua iliyosainiwa na mwenye mamlaka inayosema kwamba ukaguzi fulani, wa kodi fulani, kwa kipindi fulani, umemalizika na hakuna kodi ya nyongeza inayodaiwa.

Mwongozo huu unahusu barua hiyo, kwa kodi zinazosimamiwa na DGI, ofisi ya kodi ya serikali kuu ya Kongo. Nitafuata faili moja niliyoishughulikia kama mhasibu, ya mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika komini ya Kenya, kwa sababu karibu kila kosa linaloweza kutokea katika ombi la namna hii lilitokea pale.

Faili yenyewe

Tarehe 4 Machi 2024 mama huyo alipokea taarifa ya ukaguzi iliyohusu TVA ya mwaka 2022 na mwaka 2023. Wakaguzi wawili walifika wakiwa na hati ya misheni, wakaomba vitabu vya mauzo, fakitire za manunuzi na karatasi za benki. Mwaka 2022 haukuwa na tatizo. Kwa mwaka 2023 waliona kwamba fedha zilizoingia benki zilikuwa faranga 460,000,000, wakati mauzo yaliyotangazwa, pamoja na TVA yake, yalikuwa faranga 412,000,000. Tofauti ilikuwa faranga 48,000,000. Kama tofauti hiyo ingehesabiwa kuwa mauzo yaliyofichwa, TVA ya asilimia 16 iliyomo ndani yake ingezidi faranga 6,600,000, na faini zingewekwa juu yake.

Maelezo yalikuwepo. Faranga 30,000,000 zilikuwa mkopo kutoka kwa kaka yake, uliopitia benki na wenye mkataba ulioandikwa. Faranga 18,000,000 zilikuwa fedha zake mwenyewe alizozihamisha kutoka akaunti yake nyingine, kwa hiyo zilionekana mara mbili bila kuwa mauzo. Tarehe 9 Mei 2024 tulipeleka maelezo hayo kwa maandishi, pamoja na mkataba na karatasi za akaunti zote mbili, na sekretarieti ya kituo ikagonga muhuri wa mapokezi kwenye nakala yetu. Baada ya hapo, kimya. Januari 2025 mama aliomba mkopo wa kununua lori, na benki, ambayo ilikuwa imeona katika vitabu kwamba kulikuwa na kontrole, ikataka kujua ilikwishaje.

Mama alijibu kwa kupeleka hati ya kodi, ile ambayo wengi mjini huiita atestasyo fiskali. Benki ikaikataa, na ilikuwa na haki. Hati hiyo inasema kwamba siku ilipotolewa mlipakodi alikuwa sawa na wajibu wake unaojulikana, yaani matangazo yamefanywa na madeni yaliyoandikishwa yamelipwa. Haisemi lolote kuhusu ukaguzi ambao matokeo yake hayajatoka, maana kodi ambayo bado haijadaiwa haiwezi kuonekana katika hati hiyo. Mtu anaweza kuwa nayo mkononi siku ya Jumatatu na kupokea dai la mamilioni siku ya Jumatano.

Hatua ya kwanza: ujue faili iko wapi kabla ya kuandika

Ombi likipelekwa wakati ukaguzi ungali unaendelea, halitajibiwa, au litajibiwa kwa kumkumbusha mkaguzi kwamba ana kazi ambayo hajaimaliza. Kwa hiyo kwanza nenda mwenyewe, au umtume mhasibu mwenye barua ya uwakilishi, kwenye sekretarieti ya ofisi iliyosaini taarifa ya ukaguzi. Ofisi hiyo inaweza kuwa kituo cha kodi, kurugenzi ya kodi ya mkoa, au ile inayosimamia makampuni makubwa. Ombi linapelekwa kwa aliyesaini, wala si kwa ofisi iliyo karibu na duka.

Pale sekretarieti uliza mambo mawili. La kwanza ni kama kuna barua yoyote iliyotoka kwa jina lako tangu tarehe ulipopeleka maelezo ya mwisho. Afisa huangalia katika daftari la barua zinazotoka, na kazi hiyo ni ya dakika chache. La pili ni anwani iliyoandikwa katika faili yako. Katika faili ya mama tulikuta bado imeandikwa anwani ya zamani ya Kamalondo. Hakukuwa na barua iliyotumwa huko, tukashukuru, lakini kama ingekuwepo, muda wa kujibu ungeanza kuhesabiwa bila yeye kujua. Tulipeleka kwanza barua ya kubadilisha anwani, tukapata muhuri wa mapokezi, ndipo tukaendelea.

Ukikuta taarifa ya marekebisho ya kodi imekwisha kutoka, au ile ya kudai malipo inayojulikana kwa herufi AMR, acha kabisa habari ya kuomba barua ya kufunga. Hapo uko katika njia nyingine, ya kujibu au kupinga, na muda wake ni mfupi. Kuandika barua ya adabu ya kuomba ukaguzi ufungwe wakati siku za kupinga zinapita ni kosa linalogharimu.

Hatua ya pili: soma tena faili yako kwa jicho la mkaguzi

Ombi hili linamfanya mtu ofisini afungue faili ambayo pengine ilikuwa imelala. Ataisoma tokea mwanzo kabla ya kuthubutu kuandika kwamba hakuna nyongeza. Kwa hiyo isome wewe kwanza. Jiulize kama kila swali lililoulizwa kwa maandishi lilijibiwa kwa maandishi, na kama jibu lina ushahidi. Swali lililojibiwa kwa mdomo tu, hata kama mkaguzi alitikisa kichwa kukubali, limebaki wazi.

Ukigundua kosa lako halisi, mathalani fakitire ya mauzo isiyotangazwa, usitumaini kwamba halitaonekana. Zungumza na mhasibu kuhusu kulitangaza na kulilipa kwanza. Barua ya kufunga iliyopatikana juu ya faili yenye ufichaji haina nguvu siku ufichaji huo unapojulikana, na siku hiyo hutaweza tena kusema kwamba ulikosea kwa bahati mbaya.

Hesabu pia miaka. Sheria namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, inayopanga taratibu za kodi, inaipa ofisi nafasi ya kurekebisha upungufu hadi mwisho wa mwaka wa nne unaofuata mwaka ambao kodi yake inadaiwa. Kwa TVA ya 2022 hiyo inamaanisha mwisho wa 2026, na kwa ya 2023 mwisho wa 2027. Wapo wanaofikiri kwamba kungoja tu kunatosha. Kwa mfanyabiashara ambaye hahitaji mkopo, hauzi hisa na hashindanii soko la serikali, kungoja kunaweza kuwa uamuzi halali. Kwa mama wa lori, miaka mitatu ilikuwa mirefu mno.

Hatua ya tatu: andika ombi dogo lenye mipaka iliyo wazi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika: "Tunaomba mthibitishe kwamba hatudaiwi chochote." Hakuna mkuu wa kituo mwenye busara atakayesaini maneno hayo, kwa sababu yanamtaka athibitishe mambo asiyoyajua: kodi nyingine, miaka mingine, hata madai ya ofisi nyingine. Badala yake, ombi linapaswa kuhusu ukaguzi mmoja unaotambulika kwa namba na tarehe ya taarifa yake. Kadiri ombi linavyokuwa dogo, ndivyo linavyokuwa rahisi kusainiwa.

Barua inaandikwa kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya utawala, lakini yafaa uifikirie kwanza kwa Kiswahili ili ujue hasa unachoomba. Kiini cha barua yetu ya tarehe 14 Januari 2025 kilikuwa hiki:

"Bwana Mkuu wa Kituo, kwa taarifa yenu namba fulani ya tarehe 4 Machi 2024, mlitujulisha kuhusu ukaguzi wa TVA kwa kipindi cha Januari 2022 hadi Desemba 2023. Wakaguzi wenu walipewa vitabu na hati zote walizoziomba, na maswali yao ya maandishi yalijibiwa kwa barua yetu iliyopokelewa kwenu tarehe 9 Mei 2024, ambayo nakala yake tunaiambatanisha. Tangu tarehe hiyo hatujapokea ombi jingine wala taarifa yoyote ya marekebisho. Kwa heshima tunaomba mtuthibitishie kwa maandishi kwamba ukaguzi huo umemalizika, na kwamba haukuleta marekebisho wala kodi ya nyongeza kwa kodi na kipindi kilichotajwa. Endapo ukaguzi haujamalizika, tunaomba mtujulishe ni jambo gani lililobaki, ili tulijibu bila kuchelewa."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Bila hiyo, mkuu ambaye hayuko tayari kufunga ana njia moja tu, kukaa kimya. Ukimpa njia ya pili, ya kusema kilichobaki, unapata jibu ambalo ama linafunga faili ama linakuonyesha mahali ilipokwama. Ona pia kwamba barua haiombi msamaha wala haisifu ushirikiano wetu. Haielezi tena habari ya mkopo wa kaka, kwa kuwa maelezo yale yale yakiandikwa mara ya pili kwa maneno tofauti huzaa maswali mapya.

Juu ya barua andika jina la biashara kama lilivyo katika rejista, namba ya kodi, anwani ya sasa na simu. Asaini mwenye biashara au meneja anayetambulika na ofisi. Mhasibu akisaini, mamlaka yake yaambatanishwe.

Kuhusu viambatanisho, weka vile tu ambavyo ofisi tayari inavyo: nakala ya taarifa ya ukaguzi, nakala ya barua ya maelezo yenye muhuri, na orodha ya hati zilizokabidhiwa kama mkaguzi aliisaini. Usiongeze hati mpya kwa nia ya kuonyesha uwazi. Mteja mmoja aliambatanisha karatasi za benki za mwaka uliofuata, ambao haukuwa katika ukaguzi, na barua iliyorudi ilikuwa ya maswali kuhusu mwaka huo.

Hatua ya nne: kupeleka na kufuatilia

Peleka nakala mbili kwenye sekretarieti. Moja inabaki, nyingine inarudi kwako ikiwa na muhuri, tarehe, namba ya kuandikishwa na saini ya aliyepokea. Muhuri bila tarehe haukusaidii. Kutuma picha ya barua kwa simu ya mkaguzi ni adabu nzuri, lakini si kupeleka barua. Wala mkaguzi si mtu wa kutoa barua ya kufunga. Yeye anaandika ripoti yake, na mkuu wake ndiye anayesaini.

Subiri kama wiki tatu, kisha nenda uulize kwa namba ya kuandikishwa ombi limefika meza gani. Likiwa bado kwa mkaguzi, muulize kwa upole kama ripoti yake imekwisha kuwasilishwa. Mara nyingi sababu ya kuchelewa ni hiyo: mkaguzi hakubaki na kitu cha kudai, akahamia faili yenye kazi, na ripoti ya faili isiyo na nyongeza haikuandikwa. Katika faili ya mama ndivyo ilivyokuwa. Mkaguzi alisema wazi, "Mama, kwako hakukuwa na kitu," lakini ripoti ilikuwa bado kichwani mwake. Kama amehamishwa, omba kwa maandishi faili ikabidhiwe kwa mwingine.

Baada ya mwezi mmoja bila jibu, andika barua ya kukumbusha yenye sentensi tatu, ikitaja namba na tarehe ya barua ya kwanza, na safari hii upeleke nakala kwa mkurugenzi wa mkoa. Nakala hiyo haifai katika barua ya kwanza, kwa sababu inasomeka kama mashtaka kabla ya kosa.

Mtu akikuambia kwamba barua itatoka haraka ukitoa kitu, elewa unachonunua. Malipo ya kodi hupitia benki na kuacha ushahidi, na barua hii haihitaji kodi yoyote kulipwa. Karatasi iliyotoka kwa njia hiyo mara nyingi haina namba katika daftari la barua zinazotoka, na siku mkaguzi mwingine atakapoitafuta asili yake, haitakuwepo.

Hatua ya tano: isome barua iliyotoka kabla ya kutoka nje ya mlango

Tarehe 20 Februari 2025 jibu lilitoka. Mama alinipigia simu kwa furaha, nami nikamwomba anisomee neno kwa neno. Barua ilisema kwamba ukaguzi wa TVA "kwa mwaka 2022" haukuleta marekebisho. Mwaka 2023, ambao ndio uliokuwa na tofauti ya faranga 48,000,000, haukutajwa. Yaelekea karani alinakili tarehe ya mwanzo ya kipindi tu. Lakini kwa mtu wa benki, au kwa mkaguzi wa baadaye, barua hiyo ingesomeka kinyume: kama 2022 umefungwa peke yake, basi 2023 bado uko wazi. Barua yenye kasoro namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na barua.

Kwa hiyo angalia kwanza kipindi, mwezi wa mwanzo na mwezi wa mwisho. Kisha angalia aina ya kodi, kwa kuwa barua ya TVA haifungi kodi ya mishahara wala kodi ya faida. Angalia jina, na namba ya kodi tarakimu moja moja. Hakikisha barua inataja taarifa ya ukaguzi kwa namba yake, ina namba yake yenyewe ya kutoka, tarehe, jina na cheo cha aliyesaini, na muhuri.

Halafu soma kitenzi. Barua inayosema ukaguzi "umemalizika bila marekebisho" ndiyo uliyoiomba. Barua inayosema "hadi leo hakuna marekebisho yaliyotolewa" inaeleza hali ya siku hiyo tu na inaacha mlango wazi kwa kesho. Maneno kama "kwa sharti la uchunguzi unaoendelea" yanamaanisha kwamba hakuna kilichofungwa. Ukipata barua ya aina hizo mbili za mwisho, usigombane nayo. Jibu kwa maandishi ukiuliza uchunguzi gani unaendelea na hati gani inakosekana.

Kosa la kipindi halirekebishwi kwa kalamu juu ya barua, hata kama karani ni mkarimu na mkuu anaweka saini pembeni. Tuliomba barua mpya inayotaja ile ya kwanza na kuisahihisha. Ilitoka tarehe 11 Machi 2025, ikiwa na kipindi chote, Januari 2022 hadi Desemba 2023.

Barua hii inafika wapi, na inakomea wapi

Inazungumza kwa niaba ya ofisi iliyoitoa, kuhusu kodi na kipindi ilivyovitaja. Haizuii DGI kukagua kodi nyingine ya miaka hiyo hiyo. Haihusu ushuru wa forodha, ambao ni wa DGDA, wala malipo yanayosimamiwa na DGRAD, wala kodi za mkoa wa Haut-Katanga. Mfanyabiashara anayeagiza mabati kutoka Zambia na kufungiwa ukaguzi wa TVA bado anaweza kuulizwa na watu wa duane kuhusu thamani ya mzigo ule ule. Na kama nilivyosema, haimkingi aliyeficha.

Ndani ya mipaka hiyo lakini, ina uzito. Mkaguzi mpya akirudi kuuliza kuhusu zile faranga 48,000,000, mama hana haja ya kuanza kueleza upya habari ya kaka na mkopo. Anaonyesha barua ya tarehe 11 Machi na barua ya maelezo ya tarehe 9 Mei, na swali linahamia kwa mkaguzi: ana jambo gani jipya ambalo ofisi yake haikulijua?

Ndiyo maana barua ya kufunga haihifadhiwi peke yake. Iwekwe katika faili moja na taarifa ya ukaguzi, maelezo yenye muhuri, ombi, na hata ile barua ya kwanza yenye kosa, kwa sababu ile ya pili inaitaja. Sheria ya uhasibu ya OHADA inataka vitabu na hati zake vitunzwe miaka kumi, na faili hii itunzwe muda huo huo. Benki ipewe nakala iliyothibitishwa, na barua asili isitoke ofisini kwako. Mama alipeleka nakala hiyo benki tarehe 13 Machi 2025, pamoja na atestasyo fiskali mpya, na safari hii mtu wa mikopo alizipokea zote mbili.